Dakika Kumi na Moja za Upepo

Nianze na kosa langu, kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kulipamba. Niliufuta ushahidi wa mama yangu kwa kidole changu mwenyewe, na niliufuta kwa sababu haukuwa msafi.

Mimi ni mtu wa kurudia. Barua nikiandika, naiandika mara nne. Nikipiga pasi gauni naanza upya kama kuna mkunjo ambao hakuna mtu mwingine atakayeuona. Kazi yangu ni kuchapa na kutoa nakala katika steshenari moja mjini Same, na pale, kati ya mteja na mteja, nilijifunza peke yangu kukata na kusafisha sauti kwa simu. Hakuna aliyenifundisha. Nilibonyeza, nikaharibu, nikabonyeza tena. Nilijivunia hilo kuliko inavyofaa.

Nyumbani kwetu ni Vudee, milimani. Babu yangu mzaa baba alikuwa mlinzi wa ndiva yetu. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Zamu hizo hazikuwahi kuandikwa. Zilikuwa kichwani mwa babu, na kabla yake kichwani mwa baba yake. Jumatatu asubuhi ni ya nani, Jumatatu mchana ni ya nani, hivyo hivyo mpaka wiki iishe.

Kamati ya maji ilipoamua kwamba sasa kuwe na daftari, babu akasema yeye haandiki, lakini atasema. Nikajitolea kumrekodi. Hakuna aliyeniomba. Niliona nafasi ya kufanya kitu kikamilifu.

Jumapili ya kwanza tulipanda kwenye tuta la ndiva, mimi na yeye, nikamchukua video. Alisimama na fimbo yake, akawa anaelekeza shamba moja moja chini kule na kusema ni la nani na kwa nini. Upepo ulikuwa unavuma ndani ya kipaza sauti kama mtu anayepuliza jiko. Halafu, katikati, mtu akapita njiani, akasalimia, wakaanza kuongea na kucheka. Mimi nilikuwa nimeshikilia simu huku nimeuma meno. Moyoni nilishaitupa ile video kabla haijaisha. Sikumtazama huyo mpita njia, wala sikusikiliza walichosema. Nilikuwa nasikiliza makelele tu.

Jumatatu nikiwa kazini nilivaa vipokea sauti, nikasikia dakika moja ya upepo, nikaifuta. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika sana.

Wikiendi mbili zilizofuata nilirudi na mpango mpya: sauti tupu, ndani ya nyumba, dirisha limefungwa. Ya kwanza ikaingia jogoo. Ya pili babu akakohoa. Ya tatu mama alipita na ndoo. Ya nne na ya tano babu alianza kusimulia habari za wakati ukuta wa ndiva ulipobomoka, na nani alikuja kwenye msaragambo wa kuujenga na nani alijificha. Msaragambo kwetu ni kazi ya pamoja ya kijiji, na asiyefika hukumbukwa. Hadithi zake zilikuwa ndefu na zilirudi nyuma. Nikamkatiza.

"Babu, sema kwa kifupi. Taja siku, taja ukoo, basi. Usieleze."

"Nisieleze?" aliniuliza. "Sasa atakayesikia atajuaje kwa nini?"

"Watajua tu, babu. Tunataka iwe safi."

Kila iliyoharibika niliifuta papo hapo, nisije nikaichanganya na nzuri. Ya sita, ya saba, ya nane. Ya tisa ikawa safi. Dakika nne na sekunde kumi na mbili, hakuna jogoo, hakuna kikohozi, hakuna "kwa nini". Niliituma kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji na watu wakanipigia makofi ya vidole vya manjano. Katibu wa kamati akaandika: "Huyu ndiye msomi wetu." Nililiangalia neno hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wiki ile ile nikafungua akaunti mpya ya barua pepe yenye jina langu kamili, kwa ajili ya kazi, nikaona sasa nimekuwa mtu.

Siku kumi baadaye babu alipata kiharusi. Alipona mguu, akapona mkono nusu. Maneno hayakurudi.

Katibu aliandika daftari kwa kusikiliza sauti yangu safi. Jumapili moja, baada ya ibada, lilisomwa mbele ya watu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi mchana, ambayo nimeijua tangu utotoni kuwa siku mama anakunja sketi na kuingia matopeni, ilisomwa kuwa haina mwenyewe wa asili, kwa kuwa kwenye sauti yangu haikutajiwa ukoo, kwa hiyo imegawiwa kwa shamba la jirani. Jirani mwenyewe alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati, mwenye nyanya nyingi.

Mama alisimama. "Alhamisi ni yangu. Niliipata kwa jembe, mwaka ukuta ulipobomoka. Mume wangu alikuwa amekufa hata miezi mitatu haijaisha, na sikukosa siku moja."

"Mama, hatukatai," alisema mwenyekiti, mzee mpole ambaye upole wake siku ile uliniudhi. "Lakini tumeandika alichosema mzee. Na aliyemrekodi ni mwanao."

Watu wakanigeukia.

"Makamu," mama akasema, "wewe ulikuwepo."

Makamu aliitazama kofia yake mkononi. "Shemeji, ni miaka mingi. Sikumbuki vizuri. Tufuate daftari."

Waliokuwepo wengine wamekufa, au wamehamia Ndungu kulima mpunga. Mwenyekiti akasema daftari litapigwa mhuri Jumamosi inayofuata, mwenye neno alete neno. Bila maji ya Alhamisi, shamba la mama ni kichaka cha majani makavu. Si maneno makubwa hayo. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliniuliza tu, "Zile zenye makelele ziko wapi?"

"Nilizifuta, mama."

"Zote?"

"Zote."

Akatembea hatua kadhaa. "Nilipita na ndoo, nikamsikia anasema habari zangu. Nikafurahi. Kumbe wewe ulikuwa unafuta."

Naweza kuandika hapa kwamba nililia. Nililia, lakini kilichokuja baada ya kulia ndicho ninachotaka kukiandika: hasira. Si kwa kamati. Kwa ile sauti ya dakika nne na sekunde kumi na mbili. Niliichukia kama mtu anavyomchukia mgeni aliyemkaribisha mwenyewe. Nikasema kimoyomoyo, haitamnyang'anya mama maji. Hata kama lazima niingie ndani ya simu kwa mikono.

Jumatatu nilishuka Same kwa pikipiki, na badala ya kwenda kazini nikaenda kwa fundi simu mmoja karibu na stendi. Ana meza yenye kioo, taa ya kukunja, na mdomo usiopumzika. Nilimweleza kila kitu mpaka akainua mkono.

"Dada, punguza. Tangu ufute, umepakua app yoyote ya kurudisha vitu?"

"Jana niliangalia. Kuna moja inasema inarudisha kila kitu."

"Umeiweka?"

"Bado."

"Mungu anakupenda. Zile zinakuonyesha vipicha vya zamani vidogo kama ukucha, halafu zinakuomba ulipie. Simu za siku hizi zimefungwa kufuli kwa ndani. Faili likishatoka Tupio, lile pipa la taka la simu, limetoka. Mimi siwezi, na anayekwambia anaweza ni mwongo mwenye kiti kizuri." Akavuta simu yangu. "Ila watu wengi wanakuja hapa wanalia na vitu vyao bado viko Tupio. Umeangalia Tupio?"

Nilitikisa kichwa. Mimi, niliyejifunza kusafisha sauti mpaka pumzi ya mtu isisikike, sikuwahi kugusa zile nukta tatu juu ya kinasa sauti. Nilidhani futa ni futa.

"Msomi," alisema fundi, kama vile alikuwa amesoma lile kundi letu. Nusura niondoke.

Alifungua kinasa sauti, akagusa nukta tatu, akagusa Tupio. Kulikuwa na kitu kimoja tu. Faili moja, na chini yake maneno: siku 1 imebaki.

"Humu vinakaa siku thelathini," alisema. "Hii uliifuta lini?"

"Jumapili ile ya mwisho. Ni ya nane. Zile nyingine nilizifuta Jumamosi yake, na wiki ya nyuma."

"Basi zimekwisha ondoka. Hii ungekuja keshokutwa usingeikuta." Aligusa Rejesha, na faili likarudi kwenye orodha kana kwamba lilikuwa limetoka kununua chumvi.

Tulisikiliza pale pale, kelele za stendi zikiwa mgongoni. Ilikuwa fupi. Babu anataja Jumatatu, anataja Jumanne, halafu anasimama. Kikohozi. Kisha sauti yake, imechoka, lakini ni yake, ile ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki kadhaa: "Mjukuu wangu, kila nikisema unatoa. Umetoa jogoo, umetoa mama yako na ndoo, umetoa ukuta. Ukimaliza kutoa, utabaki na nani humu?" Na sauti yangu, nyembamba, yenye haraka: "Babu, tuanze tena."

Fundi aliirudisha simu mezani. Alipanga bisibisi zake.

Haikutaja shamba la mama wala siku yake. Alhamisi haikuwemo. Niliiweka nakala sehemu tatu hata hivyo.

"Kuna video pia," nikasema. "Ya kwanza kabisa. Lakini hiyo ina wiki sita."

"Uliifutia wapi? Kwenye programu ya picha?"

"Ndiyo. Iliniuliza kama nina hakika."

"Ilikuwa imepanda wingu, ile hifadhi ya mtandaoni, kabla hujaifuta?"

Sikujua. Akaniuliza wapi simu yangu hushika Wi-Fi. Nikamwambia kazini. Siku ya kurekodi ilikuwa Jumapili, nilifuta Jumatatu mchana. Asubuhi yote simu ilikuwa kwenye Wi-Fi ya steshenari.

"Basi inawezekana. Sauti programu hii haina habari nazo, inabeba picha na video tu. Kama video haikupanda, Tupio lake linaitunza siku thelathini, na imeshaondoka. Kama ilipanda, inaitunza siku sitini."

Akafungua Tupio la picha. Tupu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nakumbuka nilisoma tangazo la vocha ukutani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha nikainuka, kwa sababu kukaa kulikuwa ni kukubali. "Hapana," nikasema. "Angalia tena."

"Dada, tupu ni tupu."

"Angalia tena. Mimi ni mtu wa kurudia."

Akacheka, akaangalia tena, na safari hii macho yake yakapanda juu kwenye kona, kwenye kiduara chenye herufi ya kwanza ya jina langu. "Hii akaunti ni ya lini?"

"Mpya. Niliifungua baada ya..." Nikaacha. Baada ya makofi.

"Na kabla yake?"

Kabla yake simu ilikuwa na akaunti aliyoifungua muuza simu, siku ile ile niliponunua, kama wanavyofungulia watu wengi ili duka lifungwe mapema. Jina lake lilikuwa neno "mteja" na tarakimu nyingi. Niliionea aibu, ndiyo maana nikafungua nyingine. Sikuwahi kuiondoa.

Fundi aligusa kiduara. Akaunti mbili zikajitokeza, mimi mwenye jina langu kamili, na chini yangu yule mteja. Akamgusa mteja. Akafungua Tupio.

Ilikuwepo. Picha ndogo ya tuta, anga, na nusu ya kofia ya babu. Siku 18 zimebaki.

"Usiguse!" alinipiga mkono, nilikuwa nimeshanyoosha kidole. "Kidole chako mimi nakiogopa." Akaichagua yeye, akabonyeza Rejesha. Akanieleza kwamba sasa imerudi kwenye maktaba ya akaunti ile, lakini iko winguni, haijawa ndani ya simu. Niipakue nikiwa na Wi-Fi, ni zaidi ya giga moja.

Niliipakua kazini, nikamwambia bosi sababu yote bila kuficha, akanipa kona. Nilipovaa vipokea sauti niliamua jambo moja: sitaruka hata sekunde.

Upepo. Babu na fimbo. Jumatatu, na kwa nini. Jumanne, na kwa nini. Dakika ya saba mtu anasalimia kutoka chini ya tuta, "Shikamoo mzee," na nusu ya mwili wake inaingia kwenye picha akiwa na jembe begani.

"Marahaba. Njoo hapa wewe. Namweleza mjukuu wangu Alhamisi. Si wewe uliyekuja kwangu, ukasema tumpe huyu mjane Alhamisi mchana?"

"Ndiyo mimi, mzee!" Kicheko kikubwa. "Nilisema alibeba mawe kuliko sisi. Mimi siku ya pili mgongo ulinikataa, yeye yupo tu. Nikasema huyu akikosa maji, sisi tutakunywaje?"

"Na nikampa."

"Ukampa. Na mpaka leo anayafunga kwa wakati, hazidishi."

Alikuwa makamu mwenyekiti. Ndiye yule mpita njia aliyeniharibia video.

Jumamosi walikusanyika kwenye ndiva yenyewe, kwa sababu mwenyekiti alitaka mhuri upigwe mbele ya maji. Babu aliletwa na kuketishwa kwenye kiti cha plastiki. Nilikuwa na spika ndogo ya kwaya ya vijana. Niseme ukweli, nilikuwa nimeandika hotuba na kuirudia mara sita. Sikuisoma.

"Ile sauti niliyowatumia," nikasema, "ni mbaya. Niliitengeneza mimi. Nilimkataza babu kueleza. Hii ndiyo aliyosema kabla sijamkataza."

Makamu alikohoa. "Lakini hiyo ya mwanzo tumeipokea. Ilikuwa safi, tumeielewa wote. Hii inavuma tu, tutasikia nini?"

"Mtasikia upepo," nikasema. "Vumilieni."

Nikawasha. Sikuruka kwenda dakika ya saba. Ningeweza. Nilitaka wakae ndani ya upepo ule kama nilivyokataa kukaa. Watu walianza kuguna, kisha wakaanza kutambua mashamba yao, kisha wakanyamaza. Babu alikuwa anaiangalia simu, mdomo wake ukisogea pamoja na maneno yake mwenyewe.

Kilipofika kicheko kile, mwanamke mmoja nyuma alipaza sauti, "He! Si wewe huyo?" na mwingine akajibu, "Ni yeye na jembe lake! Mgongo ulimkataa!" Watu wakacheka, si kwa ubaya sana. Makamu hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia na bado sijui nilipime vipi.

"Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kusema vizuri hivyo."

"Sasa umekumbuka?" mama aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Nimekumbuka, shemeji."

"Basi mwambie katibu aandike."

Katibu alikata mstari, akaandika Alhamisi mchana, akaandika jina la mama. Mama alimtaka asome. Akasoma. Mama akamtaka aandike na kwa nini. Katibu akasema daftari halina nafasi ya kwa nini.

"Pindua ukurasa," mama akasema.

Akapindua. Babu aligonga fimbo yake kwenye tuta, mara moja, kwa mkono wake ule uliopona nusu. Mhuri ukapigwa baada ya hapo.

Watu walipoanza kutawanyika katibu alinifuata. Si mtu mbaya, anapenda mambo yapangike, tunafanana. "Msomi, nisaidie. Tuweke kwenye kumbukumbu za kamati. Nikatie ile sehemu ya makamu peke yake, kama dakika moja hivi. Hii yote ni ndefu, na ule upepo ungeutoa kidogo, si unajua kuutoa?"

Najua kuutoa. Vidole vyangu viliwasha kabisa, niseme kweli. Ningeifanya kwa robo saa na ingekuwa nzuri.

"Hapana, katibu," nikasema. "Ni dakika kumi na moja. Utazichukua zote, na kile kikohozi cha ya nane nakutumia pia."

Nikazituma zote mbili kwenye kundi, pale pale kwenye tuta. Mtandao wa milimani ulizibeba polepole, asilimia mbili, asilimia tatu. Nilisimama na simu mkononi kama nilivyosimama Jumapili ile ya kwanza, upepo ukinipiga masikioni, na safari hii sikuuma meno. Chini kule mama alikuwa ameshaanza kuteremka kwenda kuangalia mfereji wake kama umeziba, na alikuwa ananiita kwa sauti niache simu nilete jembe.